Video, programu, rekodi iliyooanishwa au kipimasauti: upeleke ushahidi gani wa kelele?

Jirani yangu ni muuguzi wa zamu. Nyumba yake, hapa Busia upande wa Uganda, imetenganishwa na baa kwa ua wa mabati tu, na kila Ijumaa na Jumamosi baa hiyo hutoa spika zake nje. Mwezi uliopita alirekodi video dirishani saa sita usiku, na asubuhi akaipeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti aliicheza, akaisogeza simu sikioni, akabonyeza kitufe cha sauti juu, kisha chini.

"Dada," akamwambia kwa upole, "sauti hii naipandisha na kuishusha kwa kidole changu. Nitajuaje usiku ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Mwenyekiti hakuwa anakwepa kazi. Rekodi haijui ukubwa wa sauti iliyomo ndani yake. Inahifadhi umbo la mawimbi tu, na umbo hilo haligeuki kuwa desibeli mpaka uwepo uhakika kwamba kiwango fulani ndani ya simu ni sawa na kiwango fulani hewani. Jirani alikuja kwangu kwa kuwa nafundisha fizikia, na tulijaribu njia nne: video ya kawaida, programu ya desibeli kwenye simu, rekodi iliyooanishwa na kipimo kisha ikakokotolewa, na kipimasauti chenyewe. Hapa naziweka zote kwenye mizani moja, kwa yeyote aliyekwama kati yake.

## Maswali manne ya kulinganishia

Swali la kwanza ni kama namba ina mahali pa kusimama: je, simu au chombo kimewahi kulinganishwa na kitu kinachojulikana? La pili ni kama kinafika chini, kwenye ukimya wa usiku, maana malalamiko mengi yanahusu usiku. La tatu ni kama kinasikia besi, kwa sababu besi ndiyo inayopenya ukuta na kutikisa vioo. La nne ni kama mtu mwingine anaweza kurudi baadaye akakagua ulichofanya. Gharama na kazi vinafuata baada ya hayo.

Kabla ya njia zenyewe, jua unalinganisha na nini. Kanuni za Uganda za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ziliweka kwa nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwa makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, ziliweka 55 mchana na 45 usiku. Usiku unahesabiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Muulize ofisa wa mazingira wa wilaya au manispaa mtaa wako umewekwa kundi gani na ni viwango vipi anavyotumia sasa, kwa sababu kati ya 35 na 45 kuna pengo linaloweza kubadilisha malalamiko yako yote. Mtaa wa jirani yangu una maduka, baa na nyumba pamoja, kwa hiyo tulichukua 45.

Viwango hivyo vimeandikwa dB(A), navyo ni wastani wa nishati ya sauti kwa muda, si namba kubwa uliyoiona ikipita. Wastani huo haupatikani kwa kujumlisha na kugawanya kama bei za sokoni. Dakika kumi za desibeli 60 zikifuatwa na dakika kumi za desibeli 50 hazitoi 55, zinatoa karibu 57, kwa sababu desibeli 60 ni nishati mara kumi ya desibeli 50. Kwenye skrini wastani huu huitwa `LAeq`. Ukiona programu inakupa `Max` peke yake, hiyo hailinganishwi na kanuni.

## Video au rekodi ya kawaida

Video haina mahali pa kusimama kabisa, na kuna sababu iliyo mbaya kuliko ya kidole cha mwenyekiti. Kinasa cha kawaida cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Sauti ikiwa ndogo, simu inaikuza; ikiwa kubwa, inaibana. Ndiyo maana mnong'ono na mlio wa pikipiki husikika karibu sawa unapocheza video. Wakati wewe unataka kuonyesha tofauti kati ya Jumamosi na Jumatatu, simu yako inafanya bidii kuifuta tofauti hiyo hiyo.

Ukitaka kujua kama simu yako inafanya hivyo, washa redio ndogo, iweke katikati ya stesheni ili itoe ule mvumo wa mfululizo, uiweke juu ya kiti uwanjani asubuhi kukiwa kimya. Rekodi sekunde thelathini ukiwa mita 1, kisha sekunde thelathini ukiwa mita 2, bila kugusa sauti ya redio. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka karibu desibeli 6. Fungua rekodi hiyo kwenye Audacity, programu ya bure ya kompyuta, uende `Analyze` kisha `Contrast...`, upime vipande viwili. Kinasa cha kawaida cha simu ya jirani kilionyesha tofauti ya desibeli 1 na nusu. Zile nne na nusu zilizobaki zilimezwa na simu.

Ukimya wa usiku nao haufikiki, kwa sababu simu inaukuza mpaka unasikia mvumo wa maikrofoni yenyewe. Besi mara nyingi imeshakatwa, kwa kuwa sauti ya mtu haiihitaji. Ukiituma kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa tena.

Hata hivyo video ina nguvu ambayo njia nyingine hazina: inaonyesha kelele ni ya nini na inatoka wapi. Namba 61 haijui kama ni spika za baa au lori la mpakani lililosimama likiunguruma. Video inayoanza na saa ya ukutani, ikapita dirishani, ikaonyesha taa za baa huku wimbo ukisikika, inajibu swali hilo kwa dakika moja. Inamfaa mtu ambaye chanzo kinabishaniwa, au anayetaka tu mwenyekiti amwite mwenye baa wakae wazungumze. Kwa mazungumzo kama hayo namba zinaweza hata kuharibu.

## Programu ya desibeli kwenye simu

Programu nzuri huomba simu impe sauti isiyorekebishwa. Android imeruhusu hilo tangu toleo la 7.0, kwa simu ambazo mtengenezaji aliliweka, na iPhone nayo ina hali yake ya kupimia. Kwa iPhone kuna NIOSH Sound Level Meter, programu ya bure ya taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi. Kwa Android ipo NoiseCapture, iliyotengenezwa na watafiti wa Ufaransa, nayo ni ya bure, inatoa `LAeq`, na ina sehemu ya kuoanisha. Programu nyingi za mshale unaochezacheza zenye matangazo hazikuambii zinapima nini.

Je, namba ina mahali pa kusimama? Kidogo. Kwa iPhone, waliotengeneza programu wanaweza kukisia vizuri kwa sababu aina za simu ni chache na maikrofoni zake hazitofautiani sana. Kwa Android kuna mamia ya aina, na programu isiyooanishwa inaweza kukosea desibeli 5, hata 10. Kosa hilo lakini huwa halibadiliki kutoka usiku mmoja hadi mwingine kwa simu hiyo hiyo, mradi haijabadilishiwa kava wala tundu la maikrofoni halijajaa vumbi. Kwa hiyo namba moja moja usiiamini sana, bali tofauti kati ya namba mbili za simu ileile unaweza kuiegemea.

Kuhusu ukimya, maikrofoni ndogo za simu zina mvumo wao wa ndani, na mara nyingi mvumo huo ni kama desibeli 30. Ukitaka kuuona wa kwako, funga simu ndani ya mablanketi kabatini usiku wa manane wakati programu inapima. Namba itakayobaki ndiyo sakafu ya simu yako. Chochote kilicho karibu nayo si kipimo cha chumba chako. Mtu anayeishi kwenye kundi la desibeli 35 usiku anahitaji kulijua hili, kwa kuwa simu nyingi haziwezi kuthibitisha 35, ingawa 50 zinaiona bila shida.

Besi ni udhaifu wa namna mbili. Simu inasikia vibaya sauti nzito, na herufi A katika dB(A) yenyewe inaipunguza besi kwa makusudi ili ifanane na sikio: sauti ya hezi 63 hupunguzwa desibeli 26. Ndiyo maana mtu analalamika glasi zinatikisika mezani na programu inasema 48. Hajadanganya yeye, wala programu haijadanganya.

Kukagua baadaye ni nusu kwa nusu. Unabaki na picha ya skrini au jedwali la namba, lakini sauti yenyewe haipo, na ofisa hawezi kusikia kama katikati ya dakika hizo mbwa alibweka karibu na simu.

Njia hii inamfaa anayetaka kujua kama ana kesi kabla hajasumbua mtu. Inamfaa pia anayeweka daftari la usiku mwingi, kwa sababu haihitaji chochote zaidi ya simu na subira.

## Rekodi iliyooanishwa

Hii ndiyo iliyotufaa, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Wazo ni hili. Unarekodi faili la WAV kwa programu inayokuruhusu kuchagua chanzo cha sauti kiitwacho `Unprocessed`, au kama hakipo `Voice recognition`, na kuzima kila kitu kinachojirekebisha. Unarudia jaribio la redio mpaka tofauti ya mita 1 na mita 2 ifike karibu desibeli 5 au 6. Kisha unaiweka simu kando ya kipimasauti cha kuazima, maikrofoni mbili zikiwa zimekaribiana, vyote vikisikia kitu kimoja kwa dakika moja. Kipimasauti kinakupa dB(A) ya hewani. Faili linakupa dB ya ndani, ambayo huwa hasi kwa sababu inahesabiwa kushuka kutoka ukomo wa simu. Tofauti yao ni namba ya kuoanisha.

Hapa watu wengi wanakosea: wanatumia wastani wa kawaida wa Audacity, ambao hauna herufi A. Namba ya kuoanisha iliyopatikana kwa muziki wenye besi haitafaa kwa usiku wa nyenje na vyura, maana sauti hizo ni za aina tofauti. Lazima faili lipitishwe kwenye herufi A kwanza. Kijana wa maabara shuleni kwetu aliandika hivi kwa Python, na inatosha:

```python
import numpy as np, soundfile as sf
x, fs = sf.read("usiku.wav")
if x.ndim > 1: x = x[:, 0]
f = np.fft.rfftfreq(len(x), 1/fs)
P = np.abs(np.fft.rfft(x))**2
A = 1.2589 * 12194**2 * f**4 / (
    (f**2 + 20.6**2) * (f**2 + 12194**2) *
    np.sqrt((f**2 + 107.7**2) * (f**2 + 737.9**2)))
print(round(10*np.log10(2*np.sum(P*A**2)/len(x)**2), 1))
```

Rafiki yangu, ofisa usalama wa kiwanda kimoja, alituazima kipimasauti kwa Jumamosi moja tu. Jioni tulitumia mvumo wa redio kwa viwango vitatu. Kipimasauti kiliposoma 75.2, faili lilitoa −35.4. Kwa 65.0 lilitoa −45.2, na kwa 50.3 lilitoa −60.1. Ukitoa, unapata 110.6, 110.2 na 110.4. Namba tatu zimekaa pamoja, nasi tukachukua 110.4. Kama simu ingekuwa bado inajirekebisha, namba hiyo ingetembea, kwa mfano 105 kwenye sauti kubwa na 90 kwenye sauti ndogo. Ukiona hivyo acha, usitafute wastani wake, kwa sababu simu hiyo haiwezi kazi hii katika hali hiyo.

Usiku tuliweka simu nje, juu ya mguu wa kamera, mita 1 na nusu kutoka ardhini na hatua tano kutoka ukutani. Ukuta unarudisha sauti, na ukipima karibu nao unaweza kuongeza desibeli 3 ambazo si za mwenye baa. Ukipima ndani ya chumba, hata dirisha likiwa wazi, unapoteza kumi na zaidi. Kwa hiyo andika ulisimama wapi, kwa mita.

Saa tano na nusu hadi saa sita kasorobo faili lilitoa −49.4. Ongeza 110.4, unapata desibeli 61. Jumatatu saa ileile, baa imenyamaza, faili lilitoa −71.7, yaani 38.7. Simu ikiwa kabatini ndani ya mablanketi ilitoa −79.0, yaani 31.4, ambayo ndiyo sakafu yake. Ukiondoa sakafu hiyo kwa nishati, si kwa kutoa tu, usiku wa Jumatatu unakuwa karibu 38, na mwingi wake ni nyenje, ambao herufi A haiwapunguzi.

Kati ya 61 na 38.7 kuna desibeli 22. Tofauti ikizidi 10, kelele ya kawaida ya mtaa haina mchango wa maana ndani ya ile kubwa, kwa hiyo 61 yote ni ya muziki. Tofauti ikiwa kati ya 3 na 10 unapaswa kuiondoa kwa nishati. Ikiwa chini ya 3, huwezi kusema baa imechangia kiasi gani, na ni heshima kulikiri hilo kwenye barua.

Kisha kinakuja kipimo cha uaminifu. Simu yetu, hata ikiwa imeoanishwa, nilikubali inaweza kukosea desibeli 3 huku au kule, na kwa tahadhari nikasema 5. Toa 5 kutoka 61, bado ni 56, na kiwango ni 45. Kosa la simu haliwezi kuokoa desibeli 16. Lakini kama tungepata 48, ningemwambia jirani asiandike kwamba baa imevunja kiwango, kwa sababu 48 ya simu inaweza kuwa 43 ya kweli. Ukubwa wa pengo ndio unaoamua kama simu inatosha.

Kwa besi, rekodi hii si bora sana kuliko programu, maana maikrofoni ni ileile. Kwa kukaguliwa baadaye inazishinda zote: faili lipo, hesabu ipo, na yeyote anaweza kulisikiliza na kulikokotoa upya. Lihifadhi bila kulikata. Ukilituma kwa WhatsApp litume kama `Document`, si kama sauti. Lifungue kwanza Audacity uangalie kama vilele vya mawimbi vimekatwa bapa, kwa sababu hapo simu ilizidiwa na namba ni ndogo kuliko ukweli. Upepo nao husikika kama ngurumo nzito isiyo na mpangilio, na mvua juu ya mabati hufuta usiku mzima. Usiku kama huo usirekodi.

Njia hii inamfaa mwenye uwezo wa kupata kipimasauti kwa saa chache tu, akawa na kelele ya wiki nyingi. Sisi tulirudisha kipimasauti Jumapili asubuhi, na simu ikaendelea kufanya kazi usiku sita zaidi. Kazi yake ni nyingi, na bila mtu wa kompyuta inachosha.

## Kipimasauti

Kipimasauti cha daraja la 2 au la 1, chenye cheti na kifaa chake cha kuoanishia kinachotoa sauti ya desibeli 94, kina mahali imara pa kusimama. Unachomeka kifaa hicho kabla na baada ya kupima, ukaona kama bado kinasoma 94, na mabishano yanaisha hapo. Maikrofoni ya simu haiingii kwenye kifaa hicho, na ndiyo sababu kubwa ya kuiweka kando kando na kipimasauti badala yake.

Usichanganye chombo hiki na vile vya bei nafuu vya dukani. Vingi vya hivyo havina wastani wa muda, vinaonyesha namba inayorukaruka tu, na vingi huanzia desibeli 30, kwa hiyo usiku mtulivu havisomi vizuri zaidi ya simu. Kabla ya kutoa pesa, uliza mambo mawili: kina `LAeq`, na kinaweza kubadilishwa kutoka A kwenda C?

Swali hilo la C ndilo linalokipa kipimasauti ushindi kwenye besi. Herufi C karibu haipunguzi kabisa sauti nzito. Pima A kisha C mahali palepale. C ikizidi A kwa desibeli 20 au zaidi, malalamiko yako ni ya besi, na barua yako iseme hivyo. Jumamosi ile tulipata A 61 na C 79. Haijafika 20, lakini imekaribia, nasi tukaiandika. Simu usiitumie kwa C.

Kukaguliwa baadaye ni pungufu kidogo ya rekodi, kwa kuwa vingi huhifadhi namba bila sauti. Na kipimasauti chako, hata kikiwa kizuri, hakichukui nafasi ya kipimo cha ofisa mwenyewe. Ofisa wa mazingira akitaka kuchukua hatua, atakuja na chombo chake. Ulichopeleka kinamwambia aje lini, saa ngapi, asimame wapi.

## Kulingana na hali yako

Kama wewe na mwenye baa bado mnasalimiana, anza na video na daftari la tarehe na saa, upitie kwa mwenyekiti wa LC1. Muulize pia kama mwenye baa ana kibali cha kupita kiwango kwa usiku huo, maana kanuni zinatoa nafasi ya kuomba kibali hicho.

Kama hujui kama kelele imepita kiwango, weka programu ya wastani kwenye simu, upime usiku wa kelele na usiku wa kimya mahali palepale. Ukipata tofauti ya zaidi ya 10 na namba iliyozidi kiwango kwa 10 au zaidi, una jambo la kupeleka mbele, na barua iseme wazi kwamba ni simu isiyooanishwa. Ukiwa ndani ya 5 ya kiwango, juu au chini, usidai namba. Omba ofisa aje apime.

Kama mtaa wako ni wa makazi matupu, ambako usiku ni 35, pima kwanza sakafu ya simu yako kabatini. Ikiwa ni 33, simu hiyo haina la kusema kuhusu 35, lakini kuhusu 55 ina la kusema.

Kama kinachokuamsha ni mtikisiko zaidi ya sauti, usipoteze usiku na simu. Tafuta kipimasauti chenye C, hata kwa saa mbili.

Kama mwenye baa ameshakataa kusikiliza na jambo linaelekea kwa ofisa au polisi, rekodi iliyooanishwa kwa usiku kadhaa, pamoja na video moja inayoonyesha chanzo, ndiyo iliyomfaa jirani yangu. Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja: mahali pa simu kwa mita, saa, namba ya Jumamosi, namba ya Jumatatu, na sentensi moja kwamba simu inaweza kukosea desibeli 5. Ofisa alikuja Jumamosi iliyofuata saa tano na nusu usiku, akafungua mguu wa chombo chake pale pale tulipokuwa tumeweka alama ya chokaa ardhini.